Swichi ikiwashwa, balbu ipi itang'aa na ipi itafifia?

Mpwa wangu wa kidato cha tatu, hapa Mikindani, alinijia na swali ambalo darasa lake karibu lote lilikuwa limelikosa. Nimeona niandike namna tulivyolifanya, maana aina hii ya swali hurudi kila mara kwa sura tofauti.

Swali lenyewe ni hili. Mawe manne ya redio, jumla volti 6, yameungwa na balbu A. Baada ya A, njia inagawanyika: tawi moja lina balbu B, tawi la pili lina balbu C pamoja na swichi. Matawi hayo yanakutana tena na waya unarudi kwenye mawe. Balbu zote tatu zinafanana. Mwanzoni swichi imezimwa. Ikiwashwa, mwanga wa A utakuwaje? Na wa B je?

Hatua ya 1: Chora upya, mara mbili

Chora sakiti swichi ikiwa imezimwa, kisha chora nyingine pembeni ikiwa imewashwa. Kwenye mchoro wa kwanza usiichore C kabisa, kwa kuwa tawi lililokatika halipitishi kitu. Utaona mara moja kwamba zimebaki A na B tu, zimefuatana. Tumia penseli.

Hatua ya 2: Zipe balbu namba

Swali likiwa halina namba, weka za kwako. Mimi hupenda kila balbu iwe omu 6, kwa sababu hesabu inatoka safi. Kubaki na herufi R mpaka mwisho ni kujitesa bure kwa mwanafunzi ambaye bado hajaizoea sakiti.

Hatua ya 3: Gawa volti kwanza, mkondo baadaye

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, na ndipo wengi wanapokwama. Mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, B na C ziko sambamba, na taa zilizo sambamba haziingiliani. Kwa hiyo B haibadiliki." Amefundishwa hivyo, na kwa taa za nyumbani jibu hilo linakaribia ukweli. Lakini kanuni hiyo ina sharti ambalo mara nyingi halisemwi: matawi lazima yaunganishwe moja kwa moja kwenye chanzo cha umeme. Hapo kila tawi linapata volti zote za chanzo, wengine wawepo au wasiwepo. Kwenye swali letu kuna A katikati ya chanzo na matawi. B na C hazipati volti 6. Zinapata zile zinazobaki A ikishachukua zake. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: je, A imechukua kiasi gani?

Swichi ikiwa imezimwa, A na B zimefuatana na zinafanana, basi zinagawana nusu kwa nusu. Kila moja inapata volti 3. Ukinzani wote ni omu 12, mkondo ni ampea 0.5, na kila balbu inatumia wati 1.5.

Sasa washa swichi. B na C kwa pamoja zinakuwa kama kitu kimoja chenye omu 3, kwa sababu mkondo umepata njia mbili badala ya moja. Ukinzani wote unashuka kutoka omu 12 hadi omu 9, na mkondo mkuu unapanda hadi ampea 0.67 hivi. Mkondo wote huo unapita kwenye A. Kwa V = I × R, A inachukua volti 4. Kwa B na C zimebaki volti 2.

Weka wati sasa, maana mwanga unafuata wati. A imetoka wati 1.5 hadi karibu wati 2.7: inang'aa zaidi. B imetoka wati 1.5 hadi karibu wati 0.7: inafifia. C inawaka sawasawa na B.

Wanaoanza na mkondo huona jambo moja na kuliacha lingine. Wanasema, kwa usahihi, kwamba mkondo mkuu umeongezeka, halafu wanahitimisha kwamba kila balbu imeongeza mwanga. Wanasahau kuwa ongezeko hilo linagawanywa kwa wawili: ampea 0.67 ikigawanywa, B inapata 0.33, pungufu ya ile 0.5 iliyokuwa nayo mwanzo. Jibu linatoka pia kwa njia hiyo, ila ni rahisi kuteleza. Ndiyo maana nasisitiza volti kwanza.

Hatua ya 4: Chomoa balbu moja

Ukichomoa B huku swichi ikiwa imewashwa, zinabaki A na C zimefuatana, kila moja volti 3. A inapunguza mwanga, C inaongeza. Ukichomoa A, zote zinazima.

Angalia pia swichi imechorwa wapi. Ikiwa imewekwa sambamba na B, yaani inaziunganisha ncha mbili za B kwa waya mtupu, kuiwasha hakuongezi njia ya balbu nyingine, kunapiga shoti. B na C zote zinazima, na A inabeba volti 6 peke yake.

Hatua ya 5: Jaribu kwa vifaa

Tafuta balbu za tochi za zamani zenye uzi ndani, zote za aina moja. Kwenye kitako huwa zimeandikwa volti na ampea zake. Usitumie balbu za LED. Hizo zinachagua upande wa chanya na hasi, na chini ya volti fulani haziwaki kabisa, kwa hiyo utaona B imezima kabisa na utachanganyikiwa.

Ukipima kwa mita, usitegemee kupata 4 na 2 kamili. Uzi wa balbu ukipata moto ukinzani wake unapanda, na ukipoa unashuka. A iliyopata moto zaidi itachukua zaidi ya volti 4, na B itapata pungufu ya 2. Mwelekeo wa jibu ni uleule, ila tofauti ya mwanga inaonekana kwa macho kuliko hesabu ilivyosema.

Jaribu na sakiti nyepesi zaidi: ondoa A, unga B na C sambamba moja kwa moja kwenye mawe, halafu washa swichi ya C. Kwa kuwa hakuna A, B haitakiwi kubadilika. Mawe yakiwa mapya, kweli utaona kama haijabadilika. Yakiwa yamechoka, B itafifia waziwazi. Sababu ni kwamba jiwe lina ukinzani wake wa ndani, na ukinzani huo unapanda jiwe linapoisha. Ukinzani huo unafanya kazi ya A hata kama haumo kwenye mchoro. Kupima ni rahisi: weka mita kwenye ncha za mawe kabla na baada ya kuwasha C. Volti zikishuka, tatizo ni mawe. Zikibaki zilezile na B bado imefifia, kagua waya na holda, maana kuna mahali pamelegea au pameota kutu. Huku pwani, kutu kwenye holda ndiyo ya kushuku mapema.