Rekodi ya lekcha ni ya kuziba mapengo, jinsi ya kuitumia bila kurudia lekcha nzima

Nafundisha semina za takwimu, na wanaokwama zaidi mara nyingi ni wale wenye rekodi zote kwenye simu, maana darasani walijiambia "nitasikiliza baadaye" na masikio wakayafunga. Fanya hivi.

Hatua ya 1: kabla ya kuingia. Fungua slaidi dakika kumi hivi, pitia vichwa na fomula tu, kisha andika swali moja au mawili. Tuseme umekuta hii ya varians ya sampuli:

```
s² = Σ(x − x̄)² / (n − 1)
```

Swali lako: mbona tunagawa kwa n − 1 na sio n?

Hatua ya 2: darasani. Cha kwenye slaidi usikinakili, utakikuta palepale. Andika kile mwalimu anachosema na slaidi haina, yaani sababu, mfano wa ubaoni, maswali ya wenzako (maikrofoni mara nyingi haiyanasi, na kamera ubao haiuoni vizuri). Ukipotea, weka alama ya kuuliza na saa pembeni, "n−1? 4:24", halafu endelea kumfuata, usibaki nyuma ukihangaika na hiyo moja.

Hatua ya 3: siku hiyohiyo, kabla ya kugusa rekodi. Hii ndo wengi wanairuka na ndo yenye kazi. Funga kila kitu, chukua karatasi tupu, jieleze jibu la lile swali lako la n − 1. Chukua namba 2, 4, 9. Wastani ni 5, tofauti ni −3, −1 na 4, na ukizijumlisha unapata sifuri, lazima iwe hivyo kila mara. Kwa hiyo ukishajua mbili, ya tatu haina uhuru tena, zilizo huru ni mbili tu, yaani n − 1. Miraba ni 9 + 1 + 16 = 26, gawa kwa 2, varians ni 13. Kama umefika kwenye 13 ila ile "haina uhuru" huwezi kuieleza bila kuchungulia, hapo ndo pengo lako lilipo.

Hatua ya 4: sasa rekodi. Kama ilianza 4:03, alama yako ya 4:24 iko dakika ya 21. Anzia ya 19, kwa sababu mtu huanza kupotea kabla hajajigundua. Sikiliza mpaka maelezo yaishe, simamisha, andika kwa maneno yako bila kuangalia. Spidi ya kuharakisha itumie kutafuta sehemu tu, ukifika kwenye hoja ngumu rudisha ya kawaida. Na usiiache icheze tu, sauti ukishaizoea unajiona umeelewa kumbe umeizoea tu.

Ukikosa lekcha kwa ugonjwa, iangalie kabla ya lekcha inayofuata, na kila slaidi ya mfano simamisha kwanza ujaribu mwenyewe ndo usikie jibu. Ukibaki na swali, mpelekee mwalimu likiwa na namba ya slaidi na hatua uliyokwamia.