Kalsiamu glukoneti ya mshipa kwa mtoto mwenye potasiamu ya juu: kipimo, mwendo wa sindano na mchoro wa moyo

Mwongozo huu ni wa matabibu, wauguzi na madaktari wanaopokea watoto wagonjwa, hasa katika vituo vya Mombasa ambavyo dayalisisi haiko karibu. Tutafuata kisa kimoja cha mfano: mtoto wa miaka minne, kilo 16, ameharisha siku tano, hajakojoa tangu jana, na potasiamu yake ni milimoli 7.6 kwa lita.

Jambo la kushika kabla ya kuvunja ampuli ni kwamba kalsiamu haipunguzi potasiamu hata kidogo. Inatuliza misuli ya moyo ili potasiamu iliyopanda isiuvuruge mpigo. Huanza kufanya kazi ndani ya dakika moja hadi tatu, na nguvu yake hukaa kama dakika 30 hadi 60. Basi unanunua muda, na muda huo lazima uutumie.

Kwanza, mchoro

Mfunge monita na uchapishe ukanda kabla ya dawa. Mchoro kamili wa njia 12 ni bora, lakini usichelewe kwa ajili yake. Ukanda wa njia ya II unatosha kuanzia. Karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde, kijisanduku kimoja kidogo ni sekunde 0.04.

Mtoto wetu ana wimbi T refu lililochongoka, wimbi P karibu halionekani, na QRS imetanuka vijisanduku vitatu na nusu, yaani sekunde 0.14. Kwa umri wake haifai kupita 0.09. Tena angalia mpigo: 84 kwa dakika. Mtoto wa miaka minne aliyeishiwa maji angetakiwa kukimbia juu ya 120. Namba hiyo ikisomwa haraka huonekana nzuri, kumbe ni moyo unaochoka. QRS ikiendelea kutanuka hadi iungane na T, mchoro huwa wimbi moja la mviringo, na kutoka hapo kusimama kwa moyo si mbali.

Damu iliyokamuliwa kwa nguvu kidoleni, au iliyopasuka chembe zake kwenye chupa, hutoa potasiamu ya uongo. Mtoto akiwa mzima na mchoro ni safi, chukua sampuli nyingine kutoka kwenye mshipa. Lakini mchoro ukiwa kama huu, usingoje maabara. Na kinyume chake: sampuli safi ikisema zaidi ya 7, mtibu hata kama mchoro haujabadilika, kwa sababu mchoro mzuri haukuhakikishii dakika kumi zijazo.

Kipimo

Mpime uzito kwa mizani. Tumia kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 0.5 kwa kila kilo, isizidi mililita 20. Baadhi ya miongozo hufika mililita 1 kwa kilo. Fuata uliokubaliwa kituoni kwako, ila mpango huu tunauanza na 0.5.

Kilo 16 mara 0.5 ni mililita 8. Kila mililita ina miligramu 100 za glukoneti, hivyo ni miligramu 800. Ampuli ya mililita 10 moja inatosha, na mililita 2 zinabaki. Soma lebo kwa sauti, mwenzako naye aisome. Kalsiamu kloraidi ya asilimia 10 inafanana nayo kwa jina na ampuli, lakini ina kalsiamu karibu mara tatu, na ukiitumia kwa hesabu ya glukoneti umemzidishia mtoto mara tatu. Ikiwa ndani ya ampuli kuna chembechembe zinazong'aa, itupe.

Vuta mililita 8 za dawa kwenye bomba la mililita 20, ongeza mililita 8 za nomo salaini. Sasa una mililita 16 zenye miligramu 50 kwa kila mililita, ambayo haiunguzi mshipa sana.

Kuchoma

Jaribu kanula kwa salaini kabla. Kalsiamu ikitoka nje ya mshipa huozesha ngozi na nyama, kwa hiyo chagua mshipa mkubwa unaopita vizuri, usitumie kanula ya jana inayosuasua. Mwambie mama aliyemshika mtoto: "Mama, ukiona mkono unavimba au analia akiushika, nambie hapo hapo." Yeye huuona mkono kabla yetu, maana macho yetu yako kwenye monita.

Usipitishe dawa hii kwenye mrija mmoja na bikaboneti, itageuka chokaa ndani ya mrija. Seftriaksoni nayo huganda na kalsiamu, na ni mtoto wa kuhara aliyeanzishwa antibayotiki ndiye huangukia hapo. Tumia mshipa mwingine. Ukikosa, suuza mrija kwa salaini kabla na baada.

Toa mililita 16 kwa dakika 10: mililita 0.8 kila nusu dakika. Mwendo huo ni miligramu 80 kwa dakika, chini ya kikomo cha 100 kwa watoto. Mmoja anasukuma, mwingine anasoma mpigo kwa sauti. Mpigo ukishuka chini ya ule wa mwanzo, simamisha. Kwa mtoto wetu wa 84 tunatazamia kinyume: mpigo upande na QRS ijikunje. Ukiona unaelekea 70, toa mkono kwenye bomba. Mtoto anayetumia digoksini anahitaji polepole zaidi na ushauri wa mkubwa wako. Mapigo yakisimama kabisa, hizo dakika 10 hazipo tena: sukuma dozi haraka huku ukibana kifua.

Kusoma matokeo

Dakika tano baada ya kumaliza, chapisha ukanda wa pili na uuweke kando ya wa kwanza. Mtoto wetu: QRS vijisanduku viwili, sekunde 0.08, wimbi P limerudi, mpigo 118. T bado imechongoka kidogo. Kinachotuongoza zaidi ni QRS. Ingebaki pana, tungerudia mililita 8 zile zile.

Potasiamu ukiipima sasa utaikuta pale pale, 7.6 au karibu. Hiyo si dalili kwamba dawa imeshindwa.

Mara moja mpe salbutamoli ya mvuke miligramu 2.5, kisha insulini ya kawaida yuniti 0.1 kwa kilo, yaani 1.6, pamoja na deksitrosi ya asilimia 10 mililita 80 kwa nusu saa. Pima sukari kila dakika 15 mwanzoni. Hizi husukuma potasiamu ndani ya seli, hazitoi nje ya mwili. Ondoa potasiamu kwenye dripu, na uulize anakunywa nini: jamaa hapa Pwani humpa mtoto anayeharisha madafu, na maji ya dafu yana potasiamu nyingi ambayo figo iliyofunga haiwezi kuitoa.

Safari ya dayalisisi

Mtoto akitoka ng'ambo ya Likoni, foleni ya feri peke yake yaweza kuumaliza ule muda wa kalsiamu. Asafiri na monita na muuguzi. Andika kwenye barua saa dozi ilipoisha, ambatisha kanda zote mbili, na mkabidhi muuguzi ampuli moja, bomba na salaini, karatasi juu yake imeandikwa "mililita 8, dakika 10". QRS ikianza kutanuka tena njiani, anaitoa bila kupiga hesabu upya.