“Tulikuwa tumefunga”: mambo ya kuweka sawa kabla ya kuwasilisha masimulizi ya wazee

Mwaka juzi nilikaa na kikundi cha vijana wa Wete waliokuwa wanajitayarisha kuwasilisha mradi wa masimulizi ya wazee kuhusu Mapinduzi ya 1964. Walikuwa na rekodi saa nyingi na picha nzuri. Slaidi yao ya tatu ilisema: “Tarehe 12 Januari 1964 bibi alikuwa anakuna nazi ya futari ya Ramadhani aliposikia habari kwenye redio ya jirani.” Niliwaomba wasimame hapo hapo. Sentensi ile moja ingezaa maswali yote matatu ambayo hadhira ya Pemba huuliza: bibi anakumbuka sawa? Nyinyi hamkumtia maneno mdomoni? Na mmelinganisha na nini?

Anza na tarehe, kwa sababu ndiyo inayopimika kwa urahisi. Tarehe 12 Januari 1964 ilikuwa Jumapili. Ukiigeuza kwa kalenda ya Kiislamu unapata mwishoni mwa Shaaban 1383, kama tarehe 26 hivi. Ramadhani ilianza siku chache baadaye, kiasi cha tarehe 16 Januari. Jedwali la kalenda linaweza kupishana na mwandamo wa hapa kwa siku moja, lakini haliwezi kupishana kwa siku nne. Kwa hiyo slaidi, kama ilivyoandikwa, si sahihi, na katika ukumbi wowote wa Pemba atakuwapo mzee mmoja wa kulisema hilo.

Hapa vijana wengi hukimbilia kuandika “msimulizi amesahau”. Msifanye hivyo kabla ya kurudi kwenye rekodi yenyewe. Wekeni vipokea sauti masikioni, msikilize kipande kizima, na muandike kila neno, likiwemo swali la muulizaji. Sisi tulipofanya hivyo, tulichokikuta ni hiki. Bibi alisema, “Siku hiyo tulikuwa tumefunga, nakuna nazi, jirani akaja mbio.” Kijana akauliza, “Ilikuwa Ramadhani, bibi?” Bibi akajibu, “Ehe, mwanangu,” akaendelea na habari ya jirani. Neno Ramadhani halikutoka kwa bibi hata mara moja. Lilitoka kwa muulizaji, bibi akaliitikia, na slaidi ikaliandika kana kwamba ndiye aliyelisema.

Sote tumelelewa tusimkatize mkubwa, na wakubwa wetu nao wamezoea kumwitikia mtoto ili mazungumzo yasonge. “Ehe” ya mtu mzima mara nyingi maana yake ni “nakusikia, endelea”. Ndiyo maana swali la kujibiwa ndiyo au siyo ni hatari zaidi kwetu. Kabla ya siku ya kuwasilisha, piteni maandishi yenu na mtie alama kila taarifa iliyotanguliwa na swali la aina hiyo. Ikiwa taarifa hiyo imo kwenye slaidi, ama muitoe, ama muiweke pamoja na swali lake na dakika yake kwenye rekodi. Andikeni pia nani walikuwapo barazani. Mzee aliyezungumza mbele ya sheha, au mbele ya mkwewe, hazungumzi kama alivyozungumza na mjukuu wake peke yake. Na kama muulizaji ni mtoto wa familia ambayo msimamo wake wa kisiasa unajulikana mtaani, hilo nalo liandikwe, maana msimulizi alilijua kabla nyinyi hamjawasha kinasa sauti.

Vijana walirudi kwa bibi, safari hii na ombi moja tu: “Bibi, tusimulie siku ile ulivyoipitisha, tangu alfajiri.” Kisha wakanyamaza. Akasema aliamka kula daku yeye na wifi yake, na kwamba wanaume wa nyumbani walikunywa chai asubuhi kama kawaida. Akaongeza kwamba alikuwa na deni la siku zake na mwezi unakaribia.

Kila mwanamke aliyekuwepo alielewa papo hapo. Bibi alikuwa analipa kadha. Shaaban ndiyo nafasi ya mwisho ya kulipa siku zilizokwenda kabla Ramadhani nyingine haijaingia, na siku za mwisho za Shaaban ndipo hasa walionazo hufunga. Kumbukumbu iliyoonekana mbovu ilikutana na kalenda karibu kabisa. Haithibitishi kwamba kila alichokisema ni sawa. Inathibitisha tu kwamba kosa lile lilikuwa letu.

Kuna maelezo mengine ambayo ingebidi tuyapime, na nyinyi muyapime kwa wazee wenu. Mapigano ya usiku ule yalikuwa Unguja, kwenye kambi za polisi za Ziwani na Mtoni. Pemba habari zilifika kwa redio, na watu wa serikali mpya wakaja baadaye. Mzee wa Chake Chake au Micheweni akisema “siku ya Mapinduzi”, muulizeni anakusudia siku aliyosikia au siku alipowaona watu hao kwa macho yake. Hiyo ya pili inaweza kweli kuwa ndani ya Ramadhani, bila mtu yeyote kukosea.

Saa na siku nazo zinahitaji jicho. Kwa hesabu yetu usiku hutangulia mchana wake, hivyo “usiku wa Jumapili” wa mzee ni ule ulioanza Jumamosi magharibi. Kijana akiuandika kama Jumapili usiku, tayari amelisogeza tukio siku nzima. “Saa tisa usiku” nayo nimeiona imeandikwa saa 9:00 kwenye jedwali la Kiingereza, na shambulio la alfajiri likageuka la baada ya isha.

Kuhusu nyaraka, msiende nazo kama hakimu. Gazeti la mjini Unguja la mwaka ule halikuandika yaliyotokea Kojani au Konde, na kukosekana kwa tukio gazetini si ushahidi kwamba halikutokea. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zinafaa, lakini nendeni mkiwa na swali jembamba, kama vile amri fulani ilitoka lini, maana ukiomba “mafaili ya Mapinduzi” utapotea. Na msidharau karatasi za nyumbani. Cheti cha ndoa, au tarehe ya kuzaliwa mtoto iliyoandikwa nyuma ya msahafu, imetuwekea sawa matukio mengi kuliko faili. Mzee akisema “nilikuwa na mimba ya huyu mkubwa”, cheti cha huyo mkubwa kinakupa mipaka ya miezi tisa.

Swali linalowashinda wengi ni hili: “Wazee watatu wamesema jambo moja, si inatosha?” Inategemea. Kama watatu hao hukaa baraza moja kila jioni, na kila Januari husikiliza redio ile ile ikisimulia Mapinduzi, huenda mnachokisikia ni simulizi moja iliyokwisha kusawazishwa. Waulizeni kila mmoja peke yake, na muulize kitu ambacho redio haikisemi: walipika nini, nani alilala nyumbani usiku ule, mlango ulifungwa kwa komeo au uliachwa. Wakipishana kwenye mambo hayo na wakafanana kwenye tukio, hapo mna mashahidi watatu kweli.

Slaidi ya tatu ya vijana wa Wete mwishowe ilisomeka hivi: “Bibi anasema alikuwa amefunga. Muulizaji wetu ndiye aliyetaja Ramadhani. Katika mazungumzo ya pili bibi alieleza kuwa alikuwa analipa kadha. Kwa kalenda, siku hiyo ilikuwa mwishoni mwa Shaaban 1383.” Mzee mmoja wa mstari wa mbele aliisoma, akainua mkono, na badala ya kuwasahihisha akawaambia mkewe naye alikuwa amefunga siku ile.