Kabla ya kufukuza rangi ya kopa ndogo

Tukiwa Kamalondo tukicheza poka, nimemwona mtu akihesabu vizuri halafu akapoteza jetoni zote. Ameshika 6 na 5 za kopa. Karata nne ziko mezani, mbili ni kopa, basi anangoja kopa moja zaidi ili atimize rangi, yaani karata tano za kopa. Katikati kuna faranga 10,000, mpinzani anaweka 10,000. Karata 46 hazijaonekana, kopa ni 9, kwa hiyo atakosa mara 37 kwa kila mara 9 za kupata, karibu 4 kwa 1. Leo analipa 10,000 kupigania 20,000, yaani 2 kwa 1 tu. Ili alipe bila hasara, rangi ikitimia lazima avune wastani wa 21,000 na kitu zaidi kwenye karata ya tano.

Mpinzani amebakiza 150,000, basi 21,000 inaonekana rahisi. Hapo ndipo mtego, ndugu. Mwenye jozi atalipa 15,000, pengine atatupa karata akiona kopa ya tatu. Anayesukuma zote 150,000 mara nyingi ameshika kopa yenye A au K, na rangi hiyo inashinda yako ndogo. Ukiwa na A ya kopa wewe mwenyewe, lipa. Ukiwa na 6, hesabu yale malipo madogo tu, na mimi ningetupa.