Usiache kumwagia ng'ombe dawa kwa sababu unasubiri mbung'o tasa

Unguja ilimaliza mbung'o, nzi waenezao ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe, kwa kuachilia madume tasa. Habari hiyo ni ya kweli, na wafugaji wengi wa bara wameisikia. Shida ni wanachofanya baada ya kuisikia: wanaacha kumwagia ng'ombe dawa ya mgongoni wakisubiri nzi waletwe, na siku hizi wengine wanasema watasubiri nzi "wa jeni". Kuacha dawa mapema namna hiyo kunaua kazi ya nzi hao hao mnaowasubiri.

Dume tasa hufugwa maabara na kupigwa mionzi kwa kipimo kinachoharibu mbegu zake bila kumzuia kupanda. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja, akahifadhi mbegu hizo maisha yake yote, kwa hiyo akimpata tasa hazai tena. Kila kitu kinategemea nani anamfikia jike kwanza, na hapo ndipo hesabu inapoingia. Chukua bonde lenye madume 1,000 wa porini. Dawa ikiwapunguza wabaki 50, madume tasa 500 watakuwa kumi kwa kila mmoja wa porini, na majike tisa katika kila kumi watapandwa bure. Ukiacha dawa, wa porini wakarudi 1,000, tasa wale wale 500 watapata jike mmoja tu kati ya watatu. Gharama ni ile ile, na mbung'o wanaendelea kuzaliana.

Unguja walifuata mpangilio huo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe walimwagiwa deltamethrini na vitambaa vyenye dawa vikawekwa porini, ndipo mwaka 1994 ndege ndogo zikaanza kuangusha madume tasa waliofugwa Tanga. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Tena kile ni kisiwa, hakuna nzi wa jirani wa kuvuka na kurudi kama ilivyo kwenu.

Sasa dozi. Dawa ya deltamethrini ya asilimia 1 ya kumwagia ni mililita 10 kwa kila kilo 100 za mnyama, kuanzia shingoni hadi shina la mkia. Ng'ombe wa kilo 250 anahitaji mililita 25. Kifuniko cha soda si kipimo! Vifuniko viwili havifiki dozi hiyo, na anayedhani ameokoa pesa ameimwaga dawa bure. Pima uzito kwa utepe wa kifua, tumia kikombe kilichokuja na chupa, na rudia kwa muda ulioandikwa kwenye kibandiko.

Kurudia ni lazima kwa sababu ya kinachojificha udongoni. Mbung'o hatagi mayai. Huzaa buu mmoja mmoja, naye hujifukia papo hapo na kutoka akiwa nzi baada ya siku kama 30, zaidi kukiwa na baridi. Dawa ya mgongoni haimfikii huko. Ndiyo maana wiki tatu bila kuona mbung'o hazina maana yoyote, na mwenye kuacha siku hiyo amewaachia watoto wote waliokuwa chini ya udongo. Siku ya kusitisha hutangazwa na wataalamu wa mradi, kwa kijiji kizima, maana nzi tasa wakishaanza kuachiliwa dawa itawaua na wao. Kabla ya tangazo endelea, na likitoka acha siku hiyo hiyo.

Nzi wa jeni, yaani waliohaririwa jeni maabara, ni jambo jingine kabisa. Kwa urithi wa kawaida mtoto hupata jeni fulani kwa nusu ya nafasi, lakini msukumo wa jeni huipeleka kwa karibu watoto wote, hivyo wadudu wachache huieneza wenyewe kizazi hadi kizazi. Mwaka 2018 watafiti wa London waliwamaliza mbu wa malaria ndani ya vizimba katika vizazi 7 hadi 11. Hakuna wadudu wa aina hiyo waliokwisha kuachiliwa nje popote. Kwa mbung'o kuna kizuizi zaidi: jeni huhaririwa kwa kudunga yai changa, na yai la mbung'o hukaa tumboni mwa mama.

Kwa hatari pia njia hizi mbili hazifanani. Dume tasa anauma na anaweza kubeba nagana, ndiyo maana miradi huwalisha damu yenye dawa kabla ya kuwaachilia, lakini ukisitisha kuachilia, wanakufa na mambo yanaishia hapo. Jeni inayojisukuma haiitiki ikiitwa irudi. Itavuka mpaka bila ruhusa ya nchi jirani, na wadudu wakijenga usugu dhidi yake, kazi yote imepotea.

Dalili njema ni mitego tupu miezi mfululizo na ng'ombe wachache wa kuchoma sindano za nagana. Mpaka mradi utangaze siku, chupa ya dawa na utepe wa kifua vikae zizini.