Somo: Umeme ukikatika usiku kucha, jinsi ya kutunza chanjo na insulini bila kuzigandisha

Ndugu wafamasia na wauguzi, mlioomba somo hili wengi mliuliza barafu itadumu muda gani. Nitalijibu swali hilo, lakini naanza na jambo ambalo hamkuliuliza. Umeme ukikatika sote tunaogopa joto, kumbe dawa nyingi za kwenye friji zetu huharibika upesi zaidi kwa kuganda. Insulini ikishaganda haifai tena. Chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini B na nyingine zenye chumvi ya alumini ni hivyo hivyo: zikiganda, chembe za alumini hushikamana, na hata barafu ikiyeyuka chanjo hairudi kuwa ilivyokuwa. Joto la nyuzi 10 au 12 kwa saa chache huzipunguzia maisha. Nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri zinaweza kuziua usiku mmoja.

Nimejifunza hili kwa uchungu. Miaka ya nyuma, kwenye duka nililokuwa nafanya kazi, umeme ulikatika jioni nasi tukatoa barafu kwenye friza moja kwa moja na kuipanga juu ya vichupa vya insulini ndani ya deli. Asubuhi kipimajoto kilionyesha kwamba usiku joto lilishuka hadi nyuzi 2 chini ya sifuri. Insulini ile ya maji meupe angavu haikuonyesha kasoro yoyote kwa macho. Bila kile kipimajoto tungeiuza, na mgonjwa angejichoma dawa isiyo na nguvu huku akidhani sukari yake inapanda kwa sababu ya chakula.

Hatua ya 1: Lijue deli lako kabla giza halijaingia

Msiniulize deli linakaa saa ngapi, maana kila deli lina unene wake na mfuniko wake. Lipimeni wenyewe. Siku yenye joto la kawaida la hapo dukani, weka kilo 3 za barafu ndani, funga. Baada ya saa moja mwaga maji yaliyokwisha yeyuka, kwa sababu hayo yametokana na deli lenyewe kupoa. Funga tena, subiri saa 6, kisha mimina maji kwenye jagi la kupimia. La kwangu lilitoa lita 1 na mililita 200. Yaani kwa kila saa linayeyusha gramu 200 za barafu. Namba hiyo moja ndiyo inayoniambia nahitaji barafu kiasi gani, nami nimeiandika juu ya mfuniko kwa kalamu ya wino usiofutika.

Pima na friji vilevile. Siku ambayo haina dawa, weka chupa za maji kwenye droo ya chini na mlangoni, iache ipoe vizuri, kisha izime na uandike joto kila nusu saa hadi lifike nyuzi 8. Chupa hizo ziache humo daima. Ndizo zinazochelewesha joto kupanda, na mlangoni hapafai kuwekwa dawa hata hivyo.

Kipimajoto kiwe cha aina inayokumbuka joto la juu kabisa na la chini kabisa, chenye waya mrefu ili kihisio kikae katikati ya dawa na kioo kibaki nje. Ukilazimika kufungua friji ili usome joto, umeshalipandisha.

Hatua ya 2: Saa za mwanzo, usiguse

Umeme ukikatika, andika saa, bandika karatasi ya "usifungue" mlangoni, basi. Makosa mengi hutokea dakika 20 za kwanza, watu wanapohamisha dawa kwa hofu wakati friji bado ina baridi ya kutosha. Mimi husubiri kioo kifike kama nyuzi 6 na nusu, ila maandalizi ya barafu huyaanza mapema.

Hatua ya 3: Isubiri barafu itoe jasho

Vibao vya barafu, yaani zile chupa bapa za plastiki zinazojazwa maji, vikitoka kwenye friza vina nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri. Ukivipanga hivyo hivyo, vitavuta joto kutoka kwenye dawa hadi vizigandishe. Vitandaze mezani, vipeane nafasi. Vitaota ukungu mweupe, kisha ukungu utageuka kuwa jasho. Bado. Chukua kimoja, kitikise karibu na sikio. Ukisikia maji yanacheza na barafu inatembea ndani, hapo kibao kimefika sifuri, na kitabaki sifuri mpaka barafu yote iishe. Hii huchukua nusu saa, mara nyingi saa nzima, na chumba kikiwa na baridi huzidi hapo. Sikio ndilo hakimu. Kila kibao kitikiswe peke yake.

Utapoteza kiasi cha barafu hapo. Mimi hukadiria sehemu moja kati ya tano, na sioni kuwa ni hasara.

Hatua ya 4: Kupanga

Vibao chini na pembeni. Kisha ukuta wa katoni kavu kuzunguka pande zote, ili kichupa chochote kisigusane na kibao. Dawa zibaki ndani ya maboksi yake, zitiwe kwenye mfuko wa plastiki zisilowe, kihisio cha kipimajoto kiwekwe katikati ya zile zinazoogopa kuganda. Kama una chanjo ya surua au ya polio ya matone, hizo ndizo zinazoweza kukaa jirani na baridi zaidi, lakini maji ya kuchanganyia chanjo ya surua yasigande, kwani chupa zake hupasuka. Juu weka katoni nyingine, kibao, mfuniko.

Sasa tuone usiku mmoja ulivyokwenda. Umeme ulikatika saa 12 jioni, friji ikiwa nyuzi 4. Saa 3 usiku ilifika nyuzi 6, nikatoa vibao 6 vya gramu 600 kila kimoja, jumla kilo 3 na gramu 600. Saa 4 vilikuwa vinacheza maji, nikabaki na barafu ya takriban kilo 2 na gramu 900. Nikigawa kwa gramu 200 kwa saa, napata saa 14 na nusu. Nikakata saa 3 kwa ajili ya kufungua na makosa ya makadirio, nikahesabu kwamba niko salama hadi saa 3 na nusu asubuhi. Umeme ulirudi saa 2 na nusu. Joto la chini kabisa lilikuwa nyuzi 2.4, la juu nyuzi 6.1. Ningetumia vibao 4 tu, dawa zingeanza kupata joto alfajiri nikiwa nimelala.

Hatua ya 5: Umeme ukirudi

Usizungushe kitufe cha friji kwenye baridi kali ili "ilipe" muda uliopotea. Friji iliyopata joto huendesha mashine mfululizo, na rafu iliyo karibu na bati la kugandisha hushuka chini ya sifuri bila mtu kujua. Acha kitufe palipokuwa. Dawa zirudi friji ikishakaa kati ya nyuzi 2 na 8 kwa vipimo viwili vilivyopishana nusu saa.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Sina friza, nina friji tu yenye chumba kidogo cha kugandishia. Nitumie chupa za maji ya baridi badala ya barafu?*

Marahaba mwanangu. Unaweza, na hazitakugandishia kitu kamwe, ila muda ni mfupi. Kilo ya barafu inayoyeyuka hunywa joto zaidi ya mara 10 ya kilo ya maji yanayopanda kutoka nyuzi 2 hadi 8. Kwa saa mbili tatu zinatosha. Kwa usiku mzima tafuta mwenye friza mkubaliane mapema, si saa 4 usiku.

*Kaka, deli langu ni dogo, haviingii vyote. Nianze na kipi?*

Chanjo ziingie kwanza. Insulini nyingi zinavumilia kukaa nje ya friji chini ya nyuzi 30 kwa siku 28, nyingine zaidi kidogo. Soma karatasi ya kila aina. Lakini siku zinahesabiwa tangu ilipotoka, kwa hiyo andika tarehe kwenye boksi na usiirudishe friji ukadhani ile tarehe ya mwisho ya kiwandani bado inafanya kazi. Iuze kwanza kwa anayeimaliza mapema, na umwambie.

*Kiashirio cha joto kwenye kichupa cha chanjo bado kina mraba mweupe. Si inatosha kuonyesha ni nzima?*

Hapana, dada. Mraba ule hugeuka rangi kwa joto tu. Ukifikia rangi ya duara linalouzunguka, chanjo itupwe. Kuganda haukuoni kabisa, na chanjo iliyoganda inaweza kuwa na mraba mweupe safi.

*Basi nitajuaje kama imeganda, nisipokuwa na kipimajoto?*

Ukiikuta imekuwa barafu, usiipime, itenge. Ukiwa na shaka na ni chanjo yenye alumini, kuna jaribio la kutikisa. Chukua kichupa kimoja cha toleo lilelile na kiwanda kilekile, kigandishe makusudi kiwe jiwe, kiyeyushe, kiandike "kilichogandishwa". Tikisa hicho pamoja na unachokishuku, viweke mezani upande kwa upande, tazama kwa hadi nusu saa. Kama unachokishuku kinatuama kwa kasi ileile au zaidi, kiliganda. Kwa insulini jaribio hili halitumiki. Ile ya ukungu ikionyesha mabonge au vipande vinavyong'ang'ania kioo ni mbovu, ila ile angavu haitakwambia kitu.

*Joto lilifika nyuzi 13 kwa saa 4. Nitupe zote?*

Usitupe na usiuze. Ziweke kwenye baridi sahihi, zifunge kwa karatasi ya "zisitumike", andika saa, joto la juu, majina na namba za matoleo, kisha uliza msambazaji au mtengenezaji. Wao wana takwimu za kila dawa inavyostahimili. Andika pia kama ilishawahi kupata joto huko nyuma, maana madhara hujumlishwa.

*Mgonjwa wangu hana friji nyumbani. Insulini nimpe ya wiki moja moja?*

Si lazima. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba insulini ilibaki na nguvu kwa wiki 4 katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Mpe ya wiki 4, aiweke ndani ya chungu kilichowekwa kwenye chungu kikubwa zaidi chenye mchanga wa majimaji katikati, kivulini penye upepo. Mwambie pia asiiweke juu ya barafu anayonunua mtaani.

*Deli langu lilitoa lita 3 kwa saa 6, nikaongeza barafu nikapima tena, ikawa vilevile. Nimekosea kupima?*

Hujakosea. Hiyo ni nusu kilo kila saa. Angalia mpira wa mfuniko: bana karatasi hapo, funga, ivute. Ikitoka bila kukwama, baridi inatokea hapo hapo. Funga mkanda mpana kuzunguka mfuniko, upime upya.