Kabla hujashika mkasi, jua kwanza nywele zinarudi kiasi gani

Nianze na kosa langu. Mteja alitaka frinji ifike kwenye nyusi, nywele zake ni za kujiviringa, nikazilowesha, nikachana zikanyooka vizuri, nikakata palepale kwenye nyusi. Zilipokauka zikaruka mpaka katikati ya paji la uso. Hapo ndo nikaelewa kwamba umbo la nywele unatakiwa ulijue kabla ya kukata, kwa hiyo leo nakuonyesha ninavyofanya siku hizi.

Hatua ya 1: osha, afu usipake kitu

Shampuu, kondishena, suuza, basi. Hakuna mafuta wala jeli wala kusuka, na usisugue kwa taulo, bonyeza tu maji yatoke halafu acha zikauke zenyewe. Nywele zilizotoka kwenye twisti zitakudanganya, utaona mawimbi mazuri ambayo si ya kwake, ni ya twisti.

Hatua ya 2: angalia sehemu nne

Mbele, utosini, pembeni na kisogoni, maana kichwa kimoja kinaweza kuwa na aina mbili au tatu. Shika kishungi kidogo kila sehemu ukiangalie kwa karibu. Wasusi wengi tunatumia namba 1 mpaka 4, ule mfumo uliotokana na msusi Andre Walker. Namba 1 ni singa, zinashuka moja kwa moja. Namba 2 ni mawimbi, herufi S iliyolala. Namba 3 zinafunga duara kamili kama springi, na 3C duara lake linakaribia unene wa penseli. Namba 4 ndo kipilipili: 4A bado utaona springi ndogo sana, 4B inavunjika kona kona kama herufi Z, na 4C kwa macho huoni umbo lolote mpaka uvute.

Ukikuta ncha zimenyooka na mizizi imejikunja usiandike aina mbili haraka, lowesha kwanza. Zikilowa na bado ncha hazijikunji, kama alikuwa anapiga pasi basi hizo zimeungua, na kondishena haizirudishi, zinakatwa kidogo kidogo.

Hatua ya 3: pima zinavyorudi

Mi naona hii ina maana kuliko hizo herufi. Chukua rula, pima kishungi kikiwa kimetulia, kisha kivute taratibu kinyooke upime tena.

Mfano mmoja, mteja anataka afro ya duara. Mbele ni 3C, imetulia sm 11, ikivutwa 18. Utosini ni 4B, imetulia 7, ikivutwa 20. Sasa fikiria ningezilowesha na kuzinyoosha zote nikakata zibaki sm 15: zikikauka mbele ingekaa kama 9 na utosini kama 5, yani shimo juu ya kichwa! Na hiyo ni hesabu ya juu juu tu, kwa sababu ukipunguza urefu umepunguza na uzito uliokuwa unazivuta chini, kwa hiyo zinaweza kuruka zaidi ya hapo.

Hatua ya 4: kata kufuata hilo

Singa zikate zikiwa na maji, mstari utabaki ulivyo, ila kila kosa litaonekana. Mawimbi unaweza kukata na maji pia, acha tu akiba ya sentimita moja au mbili, na leya ziwe ndefu. Namba 3 na 4 zikate zikiwa kavu na zimetulia, springi moja moja, ukirudi nyuma kila baada ya dakika chache kuangalia duara kwa mbali. Huyo wa mfano nilimkata hivyo, utosini sikugusa kabisa, nikapunguza mbele na pembeni mpaka zikakutana nayo.

Hatua ya 5: mtindo

Mawimbi yanalazwa na mafuta mazito, mpe povu la nywele au kitu chepesi. Namba 3 paka jeli zikiwa bado zinachuruzika maji, afu mikono mbali mpaka zikauke, ukizishika mapema zinatimka. Namba 4 inapenda twisti ikiwa na unyevu na krimu, ukifumua zikiwa zimekauka kabisa utapata urefu bila moto. Kwa yule wa aina mbili nilisuka twisti nyembamba mbele na nene kidogo utosini ili zisijikunje sana, zikafanana.

Akiosha mara ya kwanza nyumbani mwambie apite tena, maana hapo ndo unaona kile kishungi kimoja kilichochomoza ulichokisahau.